Ofa yangu ya kilo hamsini

Ninaandika haya kwa sababu jirani yangu, fundi cherehani wa hapa Nkuhungu, ameshatangulia kuyasimulia kwa namna yake, na kufikia jana jioni toleo lake lilikuwa linasema kwamba nimekataa kazi ya ofisini kwa kuwa nimeahidiwa mshahara wa pumba. Jirani yangu ni mtu mwema na suruali anazishona vizuri, lakini kwenye daladala alikaa kiti cha nyuma yangu, akasikia upande mmoja tu wa simu, na upande wa pili akaujaza mwenyewe. Mnaonifuatilia humu mnastahili pande zote mbili, hata kama upande wangu ndio wenye aibu zaidi.

Mnakumbuka kwamba Jumanne ya tarehe 29 Julai nilifanya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Wasaili walikuwa watatu, na aliyetuita na kutupokea ni dada mmoja wa idara ya rasilimali watu, ambaye wakati ananisindikiza mlangoni aliniambia kwa kauli iliyonyooka, "Kaka, majibu mtapata ifikapo Ijumaa tarehe 8." Nilifika nyumbani nikaizungushia tarehe hiyo duara kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda hiyohiyo, ndani ya duara hilohilo, ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu "Nanenane", na mimi, mtu niliyezaliwa na kukulia Dodoma, ambako wiki nzima ya sikukuu hiyo magari yanaelekea viwanja vya Nzuguni, sikuuona wino huo.

Ijumaa ikafika, ikapita, simu kimya. Hadi jioni nilikuwa nimeifungua barua pepe mara nyingi kuliko nilivyofungua mdomo, na ilipofika saa 6:40 usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani siku ya ahadi ikiwa bado haijapoa, niliamua kufuatilia. Barua niliyokuwa nimeiandika mwanzoni ilikuwa nzuri, na naomba muisome, kwa sababu ndiyo ambayo ningepaswa kuituma, tena baada ya siku moja au mbili za kazi kupita, na si usiku wa sikukuu:

"Dada, habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi Jumanne tarehe 29 Julai, na niliambiwa kuwa majibu yangetoka Ijumaa tarehe 8. Naomba kufahamu hatua iliyofikiwa, na kama kuna nyaraka au maelezo yoyote yanayohitajika kutoka kwangu. Napatikana kwa namba ileile. Ahsante."

Nilikuwa nimeiandika kama jibu chini ya barua yake ya kuniita kwenye usaili, ili asihangaike kutafuta mimi ni nani kati ya waombaji wote. Inataja nafasi, siku ya usaili na tarehe aliyoiahidi yeye mwenyewe, halafu inauliza swali moja linalojibika kwa sentensi moja. Haina lawama. Angeisoma akiwa amesimama kwenye foleni na akaijibu kabla foleni haijasogea.

Kisha shetani wa saa saba kasoro akanikumbusha maneno niliyoyasikia kijiweni, kwamba mwajiri hamfukuzii mtu ambaye hafukuziwi na wengine. Nikaongeza sentensi moja chini: "Ningependa pia mfahamu kuwa nimepata ofa kutoka kampuni nyingine, inayohitaji jibu langu ifikapo Jumatano tarehe 13." Ofa hiyo haikuwepo. Kampuni hiyo haikuwepo. Kitu pekee cha kweli katika sentensi nzima kilikuwa Jumatano. Nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Sasa tufike Jumatatu ya tarehe 11, saa nne asubuhi, ndani ya daladala iliyotoka Sabasaba kuja Nkuhungu. Nilikuwa nimekaa, jambo ambalo wenye kuijua ruti hiyo watakubali kuwa ni bahati. Mbele yangu, magotini pa mama mmoja aliyekaa ameelekea upande wangu, palikuwa na mfuko mkubwa wa chakula cha kuku. Simu ikaita, nikaona namba ya ofisi ile, moyo ukapanda hadi kooni, nikapokea kwa sauti ya kiofisi ambayo iliwafanya abiria watatu wageuke.

"Kaka, nimeiona barua yako," akasema yule dada, kwa upole ambao hadi leo unaniuma. "Kwanza hongera kwa hiyo ofa. Pili, samahani, nilipowapa tarehe 8 sikukumbuka kuwa ni sikukuu, na msaili mmoja alikuwa Nzuguni kwenye maonesho wiki nzima, kwa hiyo alama zake nimezipata leo asubuhi. Sasa nataka nikusaidie. Nikimwonyesha mkurugenzi kwamba una tarehe ya mwisho kwingine, anaweza kuisaini yako kwanza. Niambie tu, ni kampuni gani?"

Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo kijiweni hawakunieleza. Nilidhani ofa ya pili ni fimbo ya kumtishia mwajiri, kumbe kwa mtu wa ajira ni taarifa ya kazi: anaichukua, anaiingiza kwenye hesabu zake, anaipeleka kwa wakubwa zake, na ili afanye hivyo anahitaji jina, kiasi na tarehe. Mimi sikuwa na jina, wala kiasi, na tarehe nilikuwa nimeanza kuisahau. Macho yangu yakatafuta msaada, yakatua kwenye mfuko.

"Ni kampuni ya..." nikasoma, "chakula cha kuku."

"Sawa. Kuku wa nyama?"

"Wa mayai," nikajibu bila kusita, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Mama mwenye mfuko akainua uso. Nadhani alitaka kunisaidia, maana aliugeuza mfuko kidogo ili upande wenye maandishi unikabili vizuri. Mungu ambariki.

"Na wamekuahidi kiasi gani? Siyo lazima uniambie, lakini itanisaidia."

Macho yakashuka mstari mmoja. Mfuko ulisema: uzito halisi, kilo 50.

"Hamsini," nikasema. Kisha, kwa kuwa ulimi ulikuwa tayari kwenye mstari huo na breki zake zimekatika, nikaongeza, "halisi."

Kukawa na kimya. "Elfu hamsini kwa siku? Halisi maana yake baada ya makato?"

"Ndiyo, dada. Baada ya makato."

Niliposema hivyo nilijionea huruma, kwa sababu ni mimi mhasibu, na ndani ya kichwa changu hesabu ilikuwa inajipiga yenyewe: siku 26 za kazi kwa elfu hamsini ni milioni moja na laki tatu, mkononi, kwa mhasibu msaidizi, kutoka kwa kuku. Konda akagonga bodi. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kuzuia kicheko, nikakitambua, kwa maana kikohozi hicho hukisikia kila asubuhi ng'ambo ya ukuta wangu.

"Hongera sana, kaka," akasema dada, na nikamsikia anaandika. "Basi nithibitishie tu hiyo tarehe yao ya mwisho."

Wapendwa, Jumatano nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye barua yangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini mtu anayezama haachii gogo alilokwisha kulishika, na jicho langu lilikuwa limeshafika kwenye kile kikaratasi kilichoshonewa mdomoni mwa mfuko, palipoandikwa "Itumike kabla ya 09/2025".

"Kabla ya mwezi wa tisa," nikasema.

"Mwezi wa tisa?" Sauti yake ikabadilika, siyo kwa hasira, bali kwa nafuu ya mtu aliyepunguziwa mzigo. "Kumbe! Mimi nilisoma Jumatano hii, nikawa nahangaika na mkurugenzi tangu asubuhi. Basi kama ni Septemba, hatuna haraka. Faili lako nalirudisha kwenye utaratibu wa kawaida."

Hivyo ndivyo nilivyolitoa faili langu juu ya meza ya mkurugenzi na kulirudisha chini, kwa kusoma mfuko wa kuku kwa sauti.

Nilifungua mdomo nijirekebishe, lakini yeye ndiye aliyeendelea, na alichokisema ndicho kinachoniuma kuliko yote. "Halafu kaka, ilikuwa nikutafute hata hivyo. Mdhamini wako wa pili, yule wa Singida, namba yake haipatikani tangu wiki iliyopita. Bila maelezo ya wadhamini wawili siwezi kupeleka jina la mtu yeyote." Yule ni msimamizi wangu wa zamani, aliyebadilisha laini miezi miwili kabla, na namba yake mpya ninayo kwenye simu hiyohiyo niliyokuwa nimeibana sikioni. Ile barua ya kwanza, isiyo na ofa, ingemleta kwenye jambo hilo moja kwa moja, maana iliuliza kama kuna maelezo yanayohitajika kutoka kwangu. Yangu ya usiku ilimfanya aanze na kuku.

Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu. Upepo wa Agosti mnaujua, ukanivisha vumbi lote la Nkuhungu, nikaliona ni stahili yangu.

Yaliyofuata ni mafupi. Jioni ileile nilijibu kwenye barua ileile kwamba ofa niliyoitaja haipo, kwamba naomba radhi, na kwamba namba mpya ya mdhamini ni hii hapa. Akajibu asubuhi kwa mistari miwili: namba imepatikana, majibu sasa ni Jumatano tarehe 20. Kuhusu kuku hakuandika neno, na sijui kama huo ni ustaarabu au ni kwamba ofisi nzima bado inacheka.

Safari hii nimeikagua kalenda kwa kidole. Tarehe 20 haina wino mwekundu, wala 21, wala 22. Nikiona kimya, nitaandika Ijumaa tarehe 22 asubuhi, saa za kazi, mistari minne, na barua nimeshaiandaa. Nilimpa fundi cherehani aipitie kama kuna kosa. Aliisoma mara mbili, akairudisha, akaniuliza kama kuku wameshaanza kutaga.