Tanga Lililouliza "Umewaka?"

Wiki mbili kabla ya Maulidi, wakati majahazi yanaleta wageni na gati la Lamu halina pa kuweka mguu, mashua moja ilipita mbele ya mji na tanga lake jipya. Juu yake, kwa herufi za machungwa zenye urefu wa mtu mzima, kulikuwa na embe na swali: "Umewaka?"

Ilikuwa kampuni ya vinywaji kutoka bara. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusambaza juisi yao madukani, kuanzia Mkomani hadi Langoni, na sikuhusika na maneno. Lakini nilikuwa nimekaa Mkunguni tanga lile lilipopita, na nikasikia vijana waliokuwa barazani wakiangua kicheko. Mmoja akasema, "Chombo kimelewa!" Kwa vijana, ukimwambia mtu amewaka unamaanisha amelewa. Na hapa ilikuwa juisi ya embe, mji wa Waislamu, siku za kumsifu Mtume.

Ninaliandika hili kwa sababu watu wengi wa matangazo wakisikia kisa kama hiki husema, "Basi wangefanya utafiti." Walifanya. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo linalostahili kuelezwa.

Kwanza, neno lilitoka wapi. Niliambiwa baadaye kwamba ofisini walikuwa na neno la Kiingereza ambalo vijana hutumia kwa jambo lililochangamka, nalo asili yake ni kitu kilichowashwa. Wakalitafsiri: kuwaka. Taa huwaka, kijana naye awake. Kwenye karatasi linapendeza. Lakini misimu haitafsiriki hivyo, kwa sababu neno la vijana halibebi maana ya kamusi peke yake. Linabeba pia nani humwambia nani, wapi, na saa ngapi ya usiku.

Kisha wakalipima. Walikodi ukumbi, wakaita vijana wanane, wakawapa fulana na soda, wakawaonyesha picha ya tangazo na kuuliza: "Mnalionaje? Mmelipenda?" Wote wakasema liko fiti. Jamani, wangesema nini? Umevaa fulana yangu, umekunywa soda yangu, mimi ni mgeni wako na nimekuja na kamera. Kijana aliyelelewa vizuri hatakuaibisha mbele ya wenzake. Na yule wa kwanza akishasema ndiyo, saba waliobaki wanamfuata. Majibu yale yalikuwa ya adabu tu, na kampuni ikayachukua kuwa maoni.

Baada ya aibu ile waliniomba niwasaidie kupima upya. Nilimwomba mwenzangu aliyewahi kufanya kazi ya utafiti wa masoko Mombasa anionyeshe njia, na akanikataza mambo mawili tangu mwanzo: kuuliza "umependa?" na kuuliza "umeelewa?" Kwa maswali hayo mawili kila mtu ana jibu la kukuridhisha. Akaniambia nimwone mtu mmoja mmoja, mbali na wenzake, na nisivae wala kushika chochote cha kampuni. Nimsomee maneno kisha nimwombe: "Mwambie rafikiyo ambaye hayupo hapa, hili linasema nini?" Halafu: "Nani husema hivi, na humwambia nani?" Halafu lile la tatu, ambalo kwangu ndilo lililozaa zaidi: "Ungelisema mbele ya mamako?"

Niliongea na watu kumi na mmoja kwa siku tatu. Kijana wa miaka kumi na saba anayeuza kadi za simu Langoni alisita kwa swali la tatu, akatazama chini, akasema, "Mbele ya mama? Atanichapa." Hapo hukuhitaji maelezo zaidi. Lakini nilichojifunza hasa kilitoka kwa watu wazima. Nilimsomea mama mmoja anayeuza mahamri, akaniuliza, "Nimewaka kwa nini, mwanangu? Nani kanikasirisha?" Kwake yeye aliyewaka ni mwenye hasira. Nahodha mmoja naye alisema vilevile. Kwa hiyo neno moja lilikuwa na maana tatu mjini: taa, hasira na ulevi. Ile iliyokusudiwa na kampuni haikuwa katika kinywa cha mtu yeyote.

Baada ya mtu wa saba au wa nane sikupata maana mpya tena, majibu yakawa yanajirudia. Mwenzangu akasema hapo ndipo pa kusimama. Kwa kutafuta kama neno linaeleweka vibaya huhitaji watu mia. Unahitaji watu wachache wanaotofautiana kwa umri, kwa mtaa na kwa kazi. Wale wanane wa ukumbini wote walikuwa marafiki wa kijana mmoja.

Kampuni ikajaribu njia nyingine. Kama misimu ya mjini imetuangusha, walisema, basi tuongee Kiamu, lahaja ya Lamu. Wakaleta: "Ndoo unwe." Ni Kiamu halisi, njoo unywe. Nililipima kwa njia ambayo naiona bora kuliko zote: kwanza maneno matupu bila nembo, na niulize, "Unadhani nani kayaandika?" Watu walitabasamu, wakataja mwenye mkahawa fulani wa mjini, mtu wao. Kisha nikawaonyesha maneno yaleyale yakiwa na nembo. Nyuso zikabadilika. "Aa, hawa? Wanatuigiza." Maneno hayakubadilika hata herufi, aliyebadilika ni msemaji. Kijana mmoja akaongeza kwamba hiyo ni lugha ya bibi yake, na hataki kuisikia kwa mtu anayemuuzia kitu. Nilimwelewa kabisa. Kuna lugha ambayo mtu huitunza kwa ajili ya watu wake, na si haki kuingia humo na bei mkononi.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa ambalo ni jepesi, nalo ni umri wa neno. Fedha peke yake imeitwa chapaa, ganji, munde, mkwanja, na kila moja lina wakati wake. Kabla ya kulitumia, lisake kwenye mtandao na usome limetumiwa vipi mwezi huu, na nani. Ukiona wanaolitumia ni wanasiasa na benki, vijana wamekwisha lihama. Na tangazo la redio unaweza kulitoa kesho. Rangi ya ukutani au ya tangani itakaa mwaka mzima, neno likizeekea pale kila mtu akiliona.

Msimamo wangu ni kwamba kampuni ikae na Kiswahili chake cha kawaida. Ikitaka sauti ya kijana, imlipe kijana aseme kwa jina lake na kwa uso wake, na mkataba umruhusu kubadilisha maneno aliyoandikiwa. Kampuni inayoomba kusikika kama mtoto wa mtaani, na haijawahi kukaa barazani naye, hujulikana kwa sentensi ya kwanza.

Mwishowe walichapisha mabango madogo yenye maneno matatu: "Embe. Baridi. Hamsini." Hayo niliyapima pia, na mama wa mahamri aliniuliza kama hiyo hamsini ni ya chupa kubwa au ndogo. Ilikuwa ya ndogo. Tukaongeza neno moja.

Tanga lilipakwa rangi nyeupe. Lakini asubuhi, mashua ikienda Shela na jua likiwa nyuma yake, herufi za machungwa bado zinasomeka.