Goli hili mmeletewa na Duka la Fulani

Najua mmeshaisikia ile ya tangazo la duka kwenye mechi ya timu yetu. Ticha mwenzangu wa hesabu kaimwaga kwenye magrupu yote tangu jana jioni, tena kaongeza chumvi, eti mwenye duka alizimia. Hakuzimia jamani. Alikaa chini tu, na kiti kilikuwepo. Sasa tulieni niwape yenyewe kabla haijamfikia mama yangu.

Kisa chote ni ile barua ya kuomba ufadhili. Timu yetu ya shule ilikuwa inacheza na jezi zilizochoka mpaka namba zinabanduka, tukawa na namba saba wawili na nane hakuna. Mnacheka, lakini refa anaandika kadi kwa namba, akiandika "saba njano" tunaanza kubishana ni saba yupi. Basi nikamwandikia barua mwenye duka jirani, mtu mzima anayeheshimika, ile ya kawaida ya "tutashukuru sana kwa msaada wako". Akaisoma yote mpaka kwenye muhuri, akaikunja vizuri, akaniuliza, "Mwalimu, na mimi je?"

Swali la haki kabisa. Shukrani hazipangwi kwenye shelfu.

Nikarudi nikaandika nyingine, na hii wandugu ilikuwa barua. Sikuomba hela mkononi hata kidogo. Niliomba jezi 18 zenye namba, bukta na soksi zake, na jezi mbili za kipa za rangi tofauti maana sheria hairuhusu kipa afanane na wenzake. Nikaandika kwamba mzee amlipe fundi wa kuchapa yeye mwenyewe, risiti abaki nayo, kopi iende kwa mkuu wa shule ambaye ndiye aliyesaini. (Wewe unayetaka kuomba, hicho kipengele usikiruke. Mwenye duka anaweza asiwe bahili, anaogopa tu hela kupotelea njiani, ukimwonyesha kwamba haipiti kwako anaanza kukusikiliza.)

Halafu nikaweka atakachopata. Nembo ya duka kifuani, upana sentimita 25, isomeke vizuri. Bango la mita tatu kwa moja, likae upande wa watazamaji na sio nyuma ya goli ambako linasomwa na wavu. Mwisho wa makubaliano ni mechi ya mwisho ya muhula, asije akadhani kanunua shule. Vyote hivyo viko mikononi mwetu, tukisema bango litakaa, linakaa.

Ningeishia hapo leo msingekuwa mnanitumia emoji.

Kalamu ikakolea. Nikaongeza kipengele cha nne, nakinukuu kama kilivyo maana picha yake mnayo tayari: "Jina la duka lako litatangazwa kwa kipaza sauti kila goli linapofungwa katika mechi zetu zote za nyumbani." Mzee alivyofika hapo akatabasamu, akasoma tena kwa sauti, akasaini. Mkuu wa shule naye alipita hapo hapo bila kushtuka. Watu wazima watatu, hakuna aliyejiuliza goli likifungwa na nani.

Mechi ya kwanza ya jezi mpya ikafika. Mzee kaja na mke wake na mashemeji, wamekaa mstari wa mbele, karibu kabisa na bango lake. Kwenye kipaza sauti nimemweka kijana mmoja mtiifu kupita kiasi, ukimwambia simama hapo mpaka nirudi utamkuta hapo kesho. Nimemwandikia karatasi: "Goli hili mmeletewa na Duka la Fulani, duka lenye kila kitu!" (Fulani sio jina lake, mzee kaomba nimstiri, na mimi sina ubavu wa kumkatalia kitu tena.) Kazi yako, nikamwambia, goli likiingia tu, soma.

Kona ya kwanza ya wageni, kichwa, wavuni. Upande wetu kimyaa, na kwenye ule ukimya spika ikakoroma: "Goli hili mmeletewa na Duka la Fulani, duka lenye kila kitu!"

Nikasema labda watu hawajasikia. Walisikia. La pili lilipoingia mashabiki wa wageni walikuwa wanalisubiri tangazo, wakalipigia makofi, na shemeji mmoja akamgeukia mzee akamuuliza kitu sikioni. Hapo nikaanza safari ya kwenda kwenye meza ya kipaza sauti, ila meza iko upande wa pili na huwezi kukatiza uwanja mpira ukichezwa, ikabidi nizunguke nyuma ya goli letu nikikimbia na filimbi shingoni.

Na ndio maana lile la tatu nililiona kwa karibu kuliko kiumbe yeyote.

Beki wetu namba nne, mtoto mzuri, kifua kipana, nembo imemkaa kuliko wote. Kapata mpira, hana presha yoyote, akaamua kumrudishia kipa. Kipa kashatoka golini kuja kuuomba pembeni. Mpira ukampita. Ulikuwa unabingirika taratibuuu, ungeweza kusoma maandishi yaliyo juu yake. Namba nne kaweka mikono kichwani, nembo ikaonekana yote. Mzee kanyanyuka nusu, mkono kaunyoosha kama anataka kuuzuia kutoka kule aliko. Mimi namwona kijana anapeleka kipaza sauti mdomoni, karatasi anayo mkono wa kushoto, nikapaza sauti yangu yote: "Usisomeee!"

Kelele za uwanja zikameza mwanzo wa neno. Kijana akanipungia mkono kwamba ticha nimekusikia. Akasoma.

Tena kwa heshima ya mazingira akaongezea la kwake: "Limefungwa na namba nne, ambaye pia amevaa Duka la Fulani!"

Wageni wakalipuka. Walianza kuimba jina la duka kwa kupokezana, huku mstari wa kwanza, huku wa pili, na makofi juu. Tangazo la namna ile hata ulipie hulipati. Mzee ndipo akakaa. Mke wake alikuwa amejifunika mtandio usoni, mabega yanatikisika, na sio kwa kilio.

Mengine hayana maana. Tumekula nne bila, la nne lilitangazwa pia, nilikuwa nimefika mezani ila nimeishiwa pumzi ya kusema chochote.

Baada ya mechi nikamfuata mzee kuomba radhi na nilitaka kumsingizia yule kijana, nakiri. Mzee akatoa kopi yake ya barua mfuko wa shati, akaweka kidole kwenye kipengele cha nne. "Mwalimu, huyu kijana hajakosea hata herufi." Akaomba kalamu, akakata mstari mzima, akaandika kwa mkono wake: nitajwe kabla ya mpira kuanza na wakati wa mapumziko, basi. Akasaini pembeni, mimi nikasaini, asubuhi mkuu wa shule kasaini pia, safari hii kasoma mara mbili. Jezi zinabaki na bango linabaki. Alichosema ni kwamba kufadhili timu inayofungwa hana neno, ila asionekane amefadhili mabao ya wageni.

Na namba nne mnaoniulizia hali yake, ni mzima. Ila nasikia mama yake akimtuma dukani, anampa hela mdogo wake aende.