Karatasi mbili, kosa moja

"Mazoezi haya ya kusaka upendeleo darasani yanamfundisha mwanafunzi kuushuku uaminifu wake kwa ndugu na rafiki, kisha yanamwita mnafiki bila ushahidi."

Hivyo ndivyo wanavyolalamika baadhi ya watu juu ya mazoezi ya kumwonyesha mwanafunzi upendeleo uliomo katika hukumu zake, na nusu ya lawama hii ni kweli. Ukimchukua mwanafunzi mmoja na hukumu yake moja, ushahidi haupo, na mwalimu anayedai anauona anadanganya. Ila nadhani walalamikaji wameshindwa kuona kwamba mazoezi yaliyopangwa vizuri yanaanzia hapo hapo.

Jaribio la wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman la mwaka 1981 linajulikana. Ugonjwa unatarajiwa kuua watu 600. Kundi moja linaambiwa kuwa mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, na wa pili una nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote, na mbili kati ya tatu ya kutomwokoa hata mmoja. Kundi jingine linapewa mipango ile ile, ila imesemwa kwa vifo: kwa mpango wa kwanza watakufa 400. Katika kundi la kuokoa, asilimia 72 walichagua mpango wa hakika. Katika kundi la vifo waliouchagua walikuwa asilimia 22.

Takwimu hizi husomwa mbio mbio, watu wakacheka ujinga wa binadamu na kuendelea na shughuli zao. Mimi huwa narudi kwazo. Kila mshiriki alisoma karatasi moja tu, kwa hiyo hakuna aliyejipinga. Ungemwita mmoja mmoja ukamuuliza sababu, angekupa sababu ya kueleweka: huyu angesema si haki kuchezea bahati na sibu maisha ya watu 200, yule angesema hawezi kukaa akawaacha 400 wafe kabla hajajaribu. Zote ni sababu nzuri. Lakini kama makundi mawili yalifanana, basi kundi la kwanza lingepewa karatasi ya pili, wapenda hakika wangeshuka kutoka 72 hadi karibu 22 katika kila mia. Maana yake ni kwamba angalau watu 50 kati ya 100 walikuwa na jibu lililobebwa na maneno, wala si na jambo lenyewe. Ni nani hao? Hakuna awezaye kuwataja, hata wao wenyewe. Kosa lipo, mkosaji hana jina. Ndiyo maana mwanafunzi anayeapa kwamba hakuona upendeleo wowote moyoni mwake anasema kweli: upendeleo wa aina hii hauonekani ndani ya hukumu moja, huonekana pale tu hukumu mbili zinapowekwa ubavu kwa ubavu.

Upendeleo wa kikundi, yaani kuwapendelea walio wa kundi lako, nao ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Bristol, Uingereza, na wavulana wa miaka 14 na 15. Baadhi yao waliambiwa wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky, ilhali walikuwa wamepangwa kwa kubahatisha tu. Hawakujua kwa majina nani mwingine yuko kundi gani; kila mwenzao alitajwa kwa namba na kundi lake tu. Kisha kila mmoja akawagawia wengine alama za kubadilishwa kuwa fedha, huku yeye mwenyewe asipate chochote katika mgao anaoufanya. Waliwapendelea wa kundi lao. Zaidi ya hapo, mara nyingi walikubali wa kwao wapate kidogo zaidi ilmradi wawazidi wale wengine kwa pengo kubwa. Hapakuwa na ugomvi wala historia. Anayedhani upendeleo wa kikundi ni jina jingine la chuki anatafuta kitu kikubwa mno, na hiki kidogo kitampita.

Sasa tuone zoezi lenyewe. Darasa la wanafunzi 40 linapewa kisa kimoja: mweka hazina wa chama cha wanafunzi alichukua fedha za chama kwa dharura ya nyumbani, akazirudisha zote baada ya wiki mbili, kabla hajaulizwa na mtu. Karatasi 20 zinasema ni mweka hazina "wa shule yetu", 20 zinasema "wa shule jirani". Neno jingine lolote lisibadilike, hata nukta. Karatasi zichanganywe kabla ya kugawiwa, maana ukigawa kwa safu utakuta marafiki wanaokaa pamoja wamepata aina moja. Kila mmoja anajibu kimya: je, aondolewe kwenye nafasi yake, ndiyo au hapana? Kisha anasimulia kisa upya kwa sentensi mbili, bila kutazama karatasi.

Wengi huhesabu kura wakasahau zile sentensi mbili, na hapo ndipo wanapopoteza sehemu tamu. Karatasi ilisema "alichukua". Tafuta nani ameandika "alikopa", nani "aliazima", nani "aliiba". Tazama dharura ya nyumbani imebaki katika masimulizi mangapi, na kule kurudisha kabla ya kuulizwa kumebaki katika mangapi. Kama upendeleo umefanya kazi, wa kwetu atasimuliwa kwa hali iliyomkuta na wa jirani atasimuliwa kwa tabia yake. Hapa mambo mawili ambayo vitabu huyaweka katika sura tofauti, upendeleo wa kikundi na nguvu ya namna jambo linavyosemwa, yanageuka kuwa kitu kimoja. Katika jaribio la 1981 maneno yalichaguliwa na watafiti. Huku maishani tunayachagua wenyewe, na kundi letu ndilo linalotushika mkono tunapochagua. Waliosema mkuki kwa nguruwe walikuwa wamekwisha kuliona.

Wapinzani wana hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni kwamba maneno hubeba habari. Craig McKenzie na Jonathan Nelson walionyesha mwaka 2003 kwamba watu huelekea zaidi kusema kikombe kimejaa nusu kama awali kilikuwa kitupu, kwa hiyo msikilizaji anayejali chaguo la neno hajakosea, amesoma dalili. Hata ile "watu 200 wataokolewa" wengine huielewa kuwa "angalau 200". Nakubali, na ndiyo sababu nisingetumia kisa cha ugonjwa kumwambia mtu yeyote kwamba amefikiri vibaya. Lakini hoja hii inamtetea msikilizaji, haimtetei msimuliaji. Aliyesoma "alichukua" akaandika "alikopa" hakupata habari yoyote mpya, isipokuwa jina la shule.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: uaminifu kwa walio wako si ila. Mzazi anayemlisha mwanawe kabla ya mtoto wa mwingine hajapotoka, na shule inayofundisha kinyume inafundisha ubaridi. Sawa. Hata hivyo, kumsaidia wa kwako zaidi ni jambo moja, na kulipima kosa lake kwa mizani nyingine ni jambo jingine. Naweza kumlipia ndugu yangu faini, lakini siwezi kusema hakuvunja sheria. Swali la karatasi ni la mizani, na likiulizwa vibaya zoezi linastahili lawama zote. Ukiuliza "ungemsaidia?" umepima upendo. Ukiuliza "alikosea kiasi gani?" umepima hukumu.

Kwenye matokeo ndiko mwalimu hujikwaa. Tuseme wa shule jirani anaondolewa na wanafunzi 12 kati ya 20, na wa shule yetu na 8 kati ya 20. Inaonekana upendeleo umekamatwa. Kabla ya kutangaza, kusanya majibu yote 40, yafunike, yachanganye na uyagawe upya katika mafungu mawili ya 20 bila kujali karatasi zilisema nini. Hesabu pengo, kisha rudia mara 30 au 50 huku wanafunzi wakiandika ubaoni. Watagundua kwamba pengo la watu wanne au zaidi hutokea kwa bahati tupu karibu theluthi ya mara zote. Lingekuwa 14 kwa 6, mchanganyo wa bahati ungelifikia mara mbili au tatu tu katika mia. Kwa darasa dogo, basi, pengo la wachache si neno, na mwalimu anayelipigia tarumbeta anafanya kosa lile lile analolifundisha, maana ameona alichotaka kuona.

Tena pengo linaweza kugeuka. Mwaka 1988 José Marques na wenzake nchini Ubelgiji waliandika kuhusu watu wanaomhukumu mwenzao aliyeaibisha kundi kwa ukali kuliko wanavyomhukumu mgeni wa namna hiyo hiyo. Mweka hazina wa shule yetu anaweza kuonekana ametutia doa sote, na fedha zenyewe ni zetu. Ili kujua kilichotokea, ongeza karatasi ya tatu inayosema "wa shule moja" bila kuitaja. Bila hiyo, wa kwetu akihukumiwa kwa wepesi huwezi kujua kama umemwonea huruma wa kwako au umemkazia wa jirani. Tatizo ni kwamba karatasi tatu katika darasa la 40 zinaacha watu 13 au 14 kwa kila aina, na bahati inazidi kuwa na nguvu. Afadhali kuunganisha madarasa mawili.

Kuna lawama moja ambayo sina jibu kamili kwayo. Emily Pronin na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu hujiona hawana upendeleo kama walio nao wengine, na hata wakielezwa jinsi mtu anavyoweza kujidanganya, wengi hushikilia kuwa tathmini yao ilikuwa sahihi. Nyani haoni kundule, na somo juu ya nyani linaweza kumpa miwani ya kuyatazama ya wenzake. Mwanafunzi anayetoka darasani akijua majina ya upendeleo kumi anaweza kuwa mbishi zaidi, wala asiwe mwadilifu zaidi. Kinachosaidia kidogo ni mpangilio: kabla matokeo hayajafunguliwa, kila mmoja aandike ni wenzake wangapi anadhani wameyumbishwa na jina la shule, na kama yeye ni mmoja wao. Karatasi hizo zisomwe ubaoni kabla ya kura. Kwa kawaida "mimi hapana" zitakuwa nyingi kuliko inavyowezekana, na darasa litalazimika kueleza wale waliotabiriwa kuyumba ni akina nani, iwapo kila aliyemo chumbani amejiondoa.