Mfupa umeunga, mkono bado unauma

Kauli kwamba "picha haionyeshi tatizo" husikika kila siku katika kliniki za mifupa, na mara nyingi ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa, na wakati mwingine hata daktari, huisikia kana kwamba imesema hakuna tatizo lolote. Eksirei huonyesha mfupa, wala haina uwezo wa kuonyesha jinsi mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Nikiwa mtu wa fiziotherapia, maoni yangu ni kwamba anayeendelea kuumwa zaidi ya miezi mitatu baada ya kuvunjika, ilhali mfupa umeunga vizuri, anahitaji kupimwa kwa kuguswa kabla ya kurudishwa tena kwenye chumba cha picha.

Namfikiria mama mmoja, fundi cherehani, aliyeteleza akaangukia kiganja na kuvunjika mfupa wa mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Alifungwa hogo kwa wiki sita, na lilipofunguliwa mfupa ulikuwa umekaa mahali pake. Alipofika kwangu ilikuwa mwezi wa tano tangu aanguke, na mkono alikuwa ameukumbatia kifuani. Maumivu yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kiwiko, mahali ambapo hapakuumia kabisa. Mkono wa gauni ukimgusa alishtuka, na usiku alilazimika kuutoa mkono nje ya shuka. Diklofenaki alikuwa anameza karibu kila siku. Alikuwa pia amepelekwa kwa mchuaji, ambaye kila alipomkanda kwa mafuta ya moto alimwacha hoi kwa siku mbili. Nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, maelezo yalikuwa mawili tu: ama amerogwa, ama anakwepa kazi.

Nilitumia kipande cha pamba na kijiti cha kuchokonolea meno. Pamba niliipitisha taratibu juu ya ngozi ya mkono mzima, kisha mkono uliokuwa umevunjika. Upande wa kushoto alisema ni pamba. Upande wa kulia alisema inachoma kama maji ya moto. Kisha nikamgusa kwa ncha ya kijiti, kwa nguvu ileile, mara moja kila sekunde, mara kumi mfululizo. Kwenye mkono mzima mguso wa kumi haukutofautiana sana na wa kwanza. Kwenye ule mwingine maumivu yalipanda kwa kila mguso, na yaliendelea kwa muda baada ya mimi kuacha. Kitu kisichostahili kuuma kilikuwa kinauma, na kinachouma kidogo kilikuwa kinajilimbikiza. Hakuna eksirei ambayo ingeonyesha hayo.

Kinachotokea hapo kinaeleweka kwa kiasi kizuri. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf, akifanya kazi na panya jijini London, alionyesha kwamba baada ya mguu kujeruhiwa, chembe za fahamu ndani ya uti wa mgongo zenyewe huongezeka wepesi wa kusisimka, na wepesi huo hubaki hata pale jeraha linapotiwa ganzi. Taarifa za hatari kutoka mwilini hupokelewa kwanza katika sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo, kwa njia ya kemikali iitwayo glutamati. Katika hali ya kawaida, baadhi ya milango inayopokea glutamati huwa imezibwa na magnesi. Taarifa zikimiminika kwa nguvu na kwa muda mrefu, magnesi hutoka, kalisi huingia ndani ya chembe, na chembe hiyo huanza kuitikia hata vichocheo vidogo. Mishipa inayobeba mguso wa kawaida, ambayo haikuwa na kazi ya kuleta maumivu, nayo hupata njia ya kuiamsha. Ubongo kwa upande wake hutuma amri chini za kutuliza au kuchochea taarifa hizo, na usingizi mbaya, hofu na wasiwasi wa muda mrefu huelemea upande wa kuchochea. Ni kama redio iliyoongezwa sauti: mtangazaji anaongea vilevile, ila nyumba nzima haikaliki.

Ukielewa hivyo, unaona kwa nini matibabu ya mama yule yalikuwa hayamfai. Diklofenaki hupunguza uvimbe wa tishu, na uvimbe haukuwepo tena. Kilichobaki ni madhara yake kwa tumbo na figo. Kuchuliwa kwa nguvu kulizidi kupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo ambao tayari ulikuwa umechangamka kupita kiasi. Kuuficha mkono kifuani kuliufanya mguso wa kawaida uwe kitu kigeni.

Tulianza na kitambaa cha hariri, ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho tele dukani, akijisugua taratibu kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kisha pamba, kisha khanga, na mwisho taulo. Kazi ya cherehani tuliipima kwa saa. Tulitafuta muda ambao angeweza kushona bila kuamsha maumivu ya siku nzima, ukawa dakika nane, na akatakiwa aache zikifika nane hata kama anajisikia vizuri, kisha aongeze dakika moja kila baada ya siku mbili au tatu. Sharti la kuacha akijisikia vizuri ndilo gumu kuliko yote. Wagonjwa wengi siku njema hushona nguo za wiki nzima, kesho yake hawainuki, na mfumo wa fahamu unajifunza tena kwamba kushona ni hatari. Daktari alimwongezea amitriptilini miligramu 10 usiku, dozi ndogo kuliko ile ya kutibu sonona, kwa kuwa dawa hiyo huimarisha zile amri za ubongo za kutuliza. Humpa mtu kinywa kikavu na usingizi mzito, na mwenye matatizo ya mapigo ya moyo hapaswi kuianza bila kuchunguzwa.

Baada ya miezi kadhaa alirudi kushona kwa nusu siku. Baridi bado humsumbua, na sikumwahidi kwamba ingeisha.

Jambo hili nalo lina mipaka yake. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha kwamba uti wa mgongo umechangamka. Pamba na kijiti hutupa dalili, nasi tunakisia kilicho nyuma yake. Ndiyo maana sipendi kuona mtaalamu akilikimbilia jibu hili kabla ya kuondoa mengine. Maumivu yanayokuja na homa, usaha au uwekundu huenda ni maambukizi, hasa kama kuna chuma ndani. Maumivu yanayochoma mahali pamoja tu kila mkono unapobeba uzito huenda yanatoka kwenye mfupa ambao haukuunga, na hapo picha ni halali yake. Ganzi ya kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, inayomwamsha mtu usiku, huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo. Na mkono uliobadilika rangi, unaovimba, unaotoka jasho kuliko mwenzake au ulio wa baridi au wa moto kuliko mwenzake una ugonjwa wake maalumu, ambao kila wiki ya kuchelewa huuzidishia ugumu wa viungo. Huyo apelekwe kwa mtaalamu bila kusubiri miezi mitatu itimie.