Kreatini na sindano ya kupunguza uzito: nguvu ya kweli au maji kwenye misuli?

"Nachoma semaglutaidi, kilo zinashuka lakini nguvu nazo zinaniisha. Nikinywa kreatini misuli itabaki?" Swali la msomaji wa Mtwara mjini.

Itasaidia ukibeba vitu vizito. Kreatini, unga wa nyongeza wanaoutumia wanamazoezi, hukaa ndani ya misuli na kuirudishia nishati upesi inapofanya kazi nzito ya muda mfupi. Faida yake ni kukuongezea marudio machache ya kuinua uzito, na kazi hiyo ndiyo inayoulazimisha mwili ubakize misuli wakati unayeyusha mafuta. Asiyefanya mazoezi hayo hafaidiki sana. Wala haichukui nafasi ya chakula: mwenye kilo 90 anahitaji kama gramu 100 za protini kwa siku, na sindano imeshamkata hamu. Basi sahanini aanze na samaki, pweza au choroko, ugali ufuate.

Wanaoitilia shaka wana hoja nzito. Kreatini huvuta maji kuingia kwenye misuli, na mashine za kupima mwili huyahesabu maji hayo kama misuli. Mizani ikipanda kilo moja wiki ya pili, si mafuta, lakini si nyama mpya pia. Kwa hiyo tusiamini mashine peke yake. Hesabu mara unazoweza kuinuka kitini kwa sekunde 30 bila kujisukuma kwa mikono, kisha rudia kila mwezi. Idadi ikishuka, huenda misuli inapotea hata kama mashine inakusifia.

Kwa kipimo, gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Ule mtindo wa kuanza na gramu 20 tunaukataa hapa, kwa sababu sindano imepunguza mwendo wa tumbo na dozi kubwa huleta gesi na kuharisha. Koroga kwenye uji wa vuguvugu, unywe baada ya kula.

Hofu kubwa ni figo, na hapa majina mawili yanachanganya watu. Kreatini ikivunjika huwa kreatinini, ambayo maabara huipima kukadiria kazi ya figo. Chukua mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa na kreatinini ya mikromoli 80 kwa lita. Baada ya kreatini ikawa 92. Makadirio ya kazi ya figo zake yanashuka kutoka 79 hadi 67, ingawa figo huenda hazijaguswa. Apime kabla ya kuanza, amweleze daktari anachotumia, na shaka ikibaki aombe kipimo cha sistatini C, ambacho kreatini haikivurugi.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari wake. Na kwa joto la pwani yetu, hatari ya kweli ni kutapika au kuharisha kunakosababishwa na sindano hadi maji yakauke mwilini. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi iliyokolea, acha kreatini, kunywa maji ya ORS kidogo kidogo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na sindano inayofuata isichomwe kabla daktari hajakuona.