Mteja, mnunuzi au mtumiaji? Andiko la biashara mbele ya bodi ya AMCOS

Tuchukue andiko la mfano. Kampuni inaiandikia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, wilayani Newala: inataka kuiuzia mizani mbili za kidijitali kwa sh 1,500,000 kila moja, kisha itunze kumbukumbu za mizigo ya wakulima kwa sh 150,000 kwa mwezi, kuanzia Oktoba hadi Januari. Kwenye utangulizi chama kinaitwa mteja. Kwenye jedwali la bei kimegeuka mnunuzi, na kwenye sehemu ya mafunzo ni mtumiaji. Katikati kuna sentensi hii: "Mnunuzi atagharamia uhakiki wa mizani."

Mwandishi alimaanisha chama. Lakini huku kwetu, tangu korosho ziingie kwenye stakabadhi ghalani mwaka 2007, ukisema mnunuzi mbele ya wajumbe wa bodi wanamfikiria aliyeshinda mnada, yule anayelipia mzigo uliopo ghala kuu. Wataipitisha sentensi wakiamini gharama ni ya huyo. Msimu unafunguliwa, mizani haijahakikiwa na Wakala wa Vipimo, fedha ya uhakiki haimo kwenye makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na wakulima wanapimiwa kwa mizani ya zamani. Kila upande unaona mwenzake ndiye aliyevunja makubaliano.

Wapo wanaotetea neno mnunuzi, na hoja yao ina uzito. Kwa zile mizani mbili ndilo neno sahihi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtambua mnunuzi kuwa ndiye anayenunua au anayekubali kununua bidhaa: analipa bei, umiliki unahamia kwake, na anachomdai muuzaji baadaye ni ubora wa kitu alichouziwa. Neno linaweka mpaka unaoeleweka. Shida inaanza linapovutwa hadi kwenye kumbukumbu. Huduma ya miezi minne haikabidhiwi siku moja ikaisha. Chama kikisoma "mnunuzi" kwenye sehemu hiyo, kina haki ya kuhofu kwamba karani akikwama Novemba, simu ya kampuni itaita bila kupokelewa.

Mteja linabeba uhusiano unaoendelea, nalo ni la heshima. Udhaifu wake ni upana. Anayenunua sabuni dukani ni mteja, na anayetetewa na wakili mahakamani ni mteja vilevile, ingawa wakili anadaiwa uangalifu na usiri ambao muuza sabuni hadaiwi. Kwa hiyo mwandishi asidhani kwamba kwa kuandika mteja ameshaahidi kitu. Kama kampuni itatunza majina, kilo na malipo ya wakulima, iandike wazi: nani anaruhusiwa kuona taarifa hizo, nakala inakabidhiwa chama kila baada ya muda gani, na mkataba ukiisha zinabaki kwa nani.

Kuhusu mtumiaji, msimamo wetu ni kwamba lisitumike kwa chama hata kidogo. Anayebonyeza mizani ni karani; anayeidhinisha malipo ni bodi. Andiko linalosifu urahisi wa kutumia kutoka mwanzo hadi mwisho linamfurahisha karani, na bodi inabaki bila jibu kuhusu gharama na dhamana. Tena neno mtumiaji lina madhara ya pili: mkulima hagusi mfumo, kwa hiyo hahesabiki kuwa mtumiaji, wakati kilo zinazoandikwa ni zake. Afadhali kuwataja kwa kazi zao: karani wa mizani, meneja wa chama, mkulima mwenye mzigo.

Mlezi na mdhamini hupenya kwenye maandiko kwa sababu ya adabu. Mlezi wa chama au wa timu ni mtu wa kuheshimiwa anayesaidia bila kudai bidhaa. Ukimwita hivyo unayempa bei, anaweza kusubiri punguzo, au wewe ukasubiri msaada ambao hakuahidi. Mdhamini ni hatari zaidi andiko linapopelekwa pia benki, maana kule ni yule atakayelipa mkopo ukishindikana.

Wanaopendelea neno moja tangu mwanzo hadi mwisho wana hoja ya msingi: wajumbe husoma haraka, na majina mengi yanachanganya. Tunakubaliana nao kwa sharti. Ukurasa wa kwanza useme, "Katika andiko hili, mteja ni chama," neno hilo lisibadilike, na mnunuzi libaki la mnada peke yake. Tofauti ya bidhaa na huduma ioneshwe kwa sehemu mbili: mauzo ya mizani, sh 3,000,000, na huduma ya kumbukumbu, sh 600,000 kwa msimu, kila moja na masharti yake. Ile sentensi iandikwe hivi: "Mteja atalipia uhakiki wa mizani mbili kwa Wakala wa Vipimo kabla ya kuanza kupokea mizigo, kampuni itapeleka mizani kwenye uhakiki na kuzirudisha." Hapo mhasibu wa chama anajua aweke fungu gani kwenye makisio.

Anayeandikia halmashauri hana uhuru huu. Nyaraka za zabuni huwa zimeshataja taasisi nunuzi na mzabuni, na majina hayo ndiyo ya kufuata.