Milimita tatu ambazo haziwezi kuharakishwa

"Mama yangu hana jino hata moja. Kliniki ya kwanza wametuambia tutaenda mara tano ndipo apate meno, ya pili wanasema mara mbili zinatosha. Nani anatudanganya?"

Pengine hakuna anayedanganya. Kila upande una hoja yake, na hoja ya wanaofupisha safari ina uzito kuliko wengi wetu tunaotengeneza meno ya bandia tunavyopenda kukiri. Ila kuna safari moja katikati ya hizo tano ambayo mgonjwa huiona kama ya kupotezewa muda, maana anatoka mikono mitupu, wala hakuna dawa aliyopewa. Hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Safari ya kwanza ni uchunguzi na chapa ya awali, yaani alama ya umbo la fizi zote mbili, kwa trei ya dukani na aljineti, unga unaochanganywa na maji ukaganda kama mpira laini. Chapa hiyo inamiminwa plasta, na juu ya plasta fundi wa maabara anatengeneza trei ya mgonjwa huyo peke yake. Safari ya pili ni chapa ya mwisho kwa trei hiyo. Ya tatu ni kupima taya. Ya nne ni kujaribisha meno yakiwa yamepangwa kwenye nta, na ya tano ni kukabidhiwa. Kisha mgonjwa anarudi kukaguliwa kesho yake au ndani ya wiki.

Wanaofupisha hulenga kwanza safari ya pili, na hapo wana ushahidi. Mwaka 2005 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha jaribio ambalo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitengenezewa meno kwa njia ndefu ya kufundishia vyuoni, jingine kwa njia iliyorahisishwa ya chapa moja tu ya aljineti. Baada ya miezi 6 wagonjwa wa makundi yote mawili walikuwa wameridhika kwa kiwango kisichotofautiana kwa maana. Kwa mzee anayebebwa kwenye kiti cha magurudumu, au anayelala njiani ili afike kliniki, safari moja iliyopungua si jambo dogo, na daktari anayempunguzia safari hiyo hamfanyii uzembe.

Upande wa pili nao una lake. Watafiti wa Leeds, Uingereza, walifanya jaribio ambalo kila mgonjwa alipewa seti mbili za meno, moja ikitokana na chapa ya mwisho ya aljineti na nyingine ya silikoni, bila kujua ipi ni ipi. Wengi wao, takriban theluthi mbili, walichagua ya silikoni. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyeshika chapa hizo mkononi. Eneo la ufizi wa chini linalobeba meno ya bandia ni karibu nusu ya lile la juu, na pembeni yake ulimi na misuli ya shavu havitulii. Ukingo wa meno ukizidi kidogo, ulimi utayang'oa kila unapoinuka. Ukipungua, hewa inaingia na meno yanaelea. Ndiyo maana trei ya mgonjwa hukatwa iishie kama milimita 2 kabla ya mwisho wa ufizi, kisha ukingo wake hujengwa kwa kompaundi inayolainika ikipashwa moto huku mgonjwa akitoa ulimi, akivuta midomo na kumeza. Mdomo wenyewe ndio unaochonga mpaka. Trei ya dukani huwa inasukuma shavu nje na kuonyesha mpaka usiokuwepo.

Kwa hiyo kwenye chapa ninakubali mjadala uendelee. Ufizi wa chini ukiwa bado umesimama vizuri, chapa moja iliyochukuliwa kwa uangalifu inaweza kutosha. Ukiwa umelika hadi kuwa bapa, mimi siiruki safari ya pili. Kinachonisumbua ni jinsi jaribio la Montreal linavyotajwa kama ruhusa ya kuruka safari ya tatu pia, wakati wale wa njia rahisi nao walipimwa taya. Kilichorahisishwa ni chapa na vifaa vya maabara.

Kupima taya ni nini hasa? Mtu mwenye meno, akifunga mdomo, meno yake ndiyo yanayoamua taya ya chini isimame wapi. Asiye na meno hana kizuizi hicho. Taya yake inaweza kupanda hadi kidevu kikaribie pua, na inaweza kwenda mbele au pembeni bila yeye mwenyewe kutambua. Plasta mbili zilizoko maabara hazimwambii fundi lolote juu ya hilo. Yeye ana umbo la ufizi wa juu na umbo la ufizi wa chini, lakini umbali kati ya fizi hizo na mahali zinapokutana ni habari iliyoko kwa mgonjwa tu. Fundi akikosa habari hiyo atakisia, na atakisia kwa ustadi mkubwa, lakini kwa mtu wa wastani ambaye hayupo.

Habari hiyo huchukuliwa kwa kuta mbili za nta zilizosimikwa juu ya vibao vilivyotengenezwa kwenye plasta. Ukuta wa juu hukatwa kwanza, mpaka mdomo ukitulia ionekane milimita 1 au 2 ya nta, na kwa wazee hata pungufu. Kisha huja kipimo kinachonifanya niandike haya. Mgonjwa anakaa wima, kichwa hakijaegemea popote. Nukta moja kwenye ncha ya pua, nyingine kidevuni. Analamba midomo, anameza, anatamka "mmm", anatulia. Hapo meno hayagusani, taya imening'inia kwa misuli iliyopumzika, na umbali kati ya nukta mbili unapimwa. Meno yakifungwa, umbali huo unapaswa kupungua kwa milimita 2 hadi 4. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya kupumzika.

Milimita 3 ni kitu kidogo kiasi kwamba mtu hushangaa tukiipigania. Lakini fikiri nini kinatokea ikikosekana. Meno ya juu na ya chini yanabaki yakigusana mchana kutwa, hata mtu asipokula wala kuongea. Ufizi uliobanwa kati ya kibao cha akriliki, plastiki ngumu ya meno ya bandia, na mfupa haupati nafasi ya kuachiliwa damu ipite vizuri, na misuli ya kutafuna haifiki kwenye urefu wake wa mapumziko. Mgonjwa hasemi "nafasi yangu ya kupumzika imekosekana". Anasema meno ni makubwa, yanajaa mdomo. Anasema yanagongana akiongea. Anasema asubuhi yako sawa na jioni anayavua kwa nguvu kwa sababu taya imechoka. Na maumivu yake hayana mahali pamoja. Ukingo ukizidi, kidonda huwa kimoja na unakiona. Kimo cha meno kikizidi, ufizi wote wa chini unauma, na ukiusaga ukingo leo atarudi wiki ijayo na malalamiko yale yale.

Ikizidi upande wa pili, yaani nafasi ikiwa milimita 8 au 10, uso unakunjamana, pembe za midomo zinalowa na kuchubuka, na nguvu ya kutafuna inashuka. Huyo huvumilia zaidi, ndiyo maana ukiwa na shaka ni salama kuacha milimita moja ya ziada kuliko kuipunguza.

Nitaeleza mgonjwa mmoja. Mama wa miaka 71 aliletwa na binti yake akiwa na meno mapya yaliyotengenezwa kwa safari mbili: chapa siku moja, makabidhiano wiki iliyofuata. Yalikuwa yanashika vizuri. Nilipovuta ya juu hayakutoka, na chapa ile, nakiri, ilikuwa nzuri. Lakini midomo yake ilikutana kwa kulazimisha, na meno ya juu yalionekana milimita 4 akiwa ametulia. Nilimpima mara tatu. Akipumzika bila meno ya chini, milimita 69. Akiuma, 69. Nilimwomba ahesabu kuanzia sitini na sita hadi sabini na saba, kwa sababu herufi "s" huleta meno karibu kabisa bila kugusana. Yaligongana kwenye kila neno.

Binti aliuliza kama hayawezi kusagwa. Milimita 3 za kusaga zingeondoa karibu uso wote wa kutafunia, na bado meno ya mbele yangebaki marefu. Tulianza upya.

Kuta za nta zikakatwa hadi akifunga ikawa milimita 66, na hesabu ya sitini na sita ikapita bila mgongano. Ilibaki kuipata taya nyuma, mahali inapozunguka bila kuteleza. Asiye na meno hupenda kuuma kwa mbele, na ukimwambia "uma" ndivyo atakavyofanya. Nikabandika kitufe kidogo cha nta nyuma ya kibao cha juu, nikamwomba akiguse kwa ncha ya ulimi huku akifunga taratibu. Kuta zikaunganishwa hapo hapo.

Pamoja na uangalifu wote huo, siku ya kujaribisha meno kwenye nta, jino moja la pembeni kushoto liligusa kabla ya mengine, na kibao cha chini kikainuka kidogo upande wa pili. Nilikuwa nimekosea kwa kama milimita moja. Nikatoa meno ya nyuma ya chini, nikaweka nta laini mahali pake, nikachukua mng'ato upya, na fundi akayapanga tena. Hiyo ndiyo kazi ya safari ya nne. Kosa likiwa kwenye nta linagharimu nusu saa. Nta ikishabadilishwa kuwa akriliki, kosa hilo hilo linagharimu meno mazima.

Kwa aliyeuliza, basi, swali la kuiuliza kliniki ya safari mbili ni hili: taya ya mama itapimwa siku gani? Zipo njia halali za kubana safari. Kama ana meno ya zamani aliyoyazoea, yanaweza kunakiliwa, na nakala zikatumika kuchukulia chapa ya mwisho na kipimo cha taya kwa kikao kimoja. Wengine huunganisha chapa na kuta za nta asubuhi na mchana wa siku moja kama maabara iko jirani. Wakikuonyesha siku ya kipimo na siku ya kujaribisha, hata zikiwa zimeunganishwa, msikilize. Wakisema fundi "ataona mwenyewe", mpeleke kule kwa safari tano.

Yule mama alirudi kesho yake ya kukabidhiwa akiwa na kidonda kimoja, chini ya ulimi upande wa kulia. Niliupaka ufizi rangi kidogo, rangi ikahamia kwenye kibao mahali ukingo ulipozidi, nikapasaga. Nilipomuuliza kuhusu jioni, alisema alisahau kuyavua kabla ya kulala.